Siku 28: kwa mkupuo au kwa awamu?

Likizo ya mwaka ya mfanyakazi nchini Tanzania ni siku zisizopungua 28 mfululizo, kwa malipo, katika kila mzunguko wa miezi 12 ya kazi. Sikukuu zikiangukia ndani ya siku hizo, nazo zinahesabiwa humo humo. Hivyo ndivyo inavyosema Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na hapo ndipo mjadala wa kuikata likizo vipande unapopaswa kuanzia. Sheria imeiweka likizo kama kitu kizima. Anayetaka kuichukua yote kwa mkupuo anaomba kilichoandikwa. Anayetaka kuigawa kwa awamu anahitaji makubaliano, na mwajiri anayetaka igawanywe kwa ajili ya shughuli zake naye anayahitaji vile vile.

Sheria hiyo hiyo, hata hivyo, inampa mwajiri mamlaka ya kupanga likizo ichukuliwe lini, ilimradi isivuke miezi sita baada ya mzunguko kuisha. Muda huo unaweza kusogezwa hadi miezi 12 iwapo mfanyakazi ameridhia na mahitaji ya kazi yanaupa sababu. Kwa hiyo barua ya kuomba likizo ni ya namna yake: haki ya kupumzika haibishaniwi, kinachobishaniwa ni tarehe na umbo. Barua nyingi zinazokwama hukwama kwa kutoliona hilo. Nusu ya ukurasa inaeleza uchovu, nusu iliyobaki inatoa shukrani, na mkuu wa idara anamaliza kuisoma bila kujua ni nani atakayeshika kazi za mwombaji akiwa hayupo.

Kenya imelipanga jambo hili kwa njia nyingine. Sheria yake ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa siku zisizopungua 21 za kazi, na inaruhusu waziwazi likizo igawanywe mfanyakazi akikubali. Sharti lake ni kwamba kipande kimoja kiwe na angalau wiki mbili za kazi zisizokatizwa, isipokuwa pande hizo mbili ziwe zimekubaliana vingine. Chimbuko la wiki mbili hizo ni Mkataba Na. 132 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1970, ambao ulikubali likizo ivunjwe lakini ukakataa ivunjwe yote kuwa chembechembe. Mfanyakazi wa Nairobi anayefanya kazi siku tano kwa wiki hutoa siku kumi kwa kipande hicho kikubwa, akabaki na siku 11 za kupanga apendavyo. Mwenzake wa Dar es Salaam hana kanuni iliyo wazi kiasi hicho, ndiyo maana kalamu yake ina kazi kubwa zaidi.

Wikiendi inahesabiwa vipi?

Kabla ya kuchagua kati ya mkupuo na awamu, ni lazima ijulikane siku zinahesabiwaje, kwa sababu hesabu hiyo peke yake inaweza kuugeuza uamuzi. Mfanyakazi wa siku tano kwa wiki akichukua siku 28 kwa mkupuo anapata wiki nne kamili. Ndani yake zimo siku 20 ambazo angekuwa kazini, na siku nane za Jumamosi na Jumapili ambazo asingekuwepo hata hivyo.

Sasa azigawe. Anaomba siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, kisha tano nyingine mwezi mwingine, na kuendelea. Vipande vitano vya namna hiyo vinatumia siku 25. Zinabaki tatu, anazichukua Jumatano hadi Ijumaa ya wiki nyingine. Siku zote 28 zimeangukia siku za kazi. Aliyechukua mkupuo amekosekana ofisini siku 20, huyu amekosekana 28. Tofauti ni wiki nzima ya kazi na siku tatu juu yake, na wote wawili wametumia haki ile ile.

Maafisa rasilimali watu wanaifahamu hesabu hii, na ofisi huikabili kwa njia tofauti. Baadhi huzigeuza siku 28 za kalenda kuwa siku 20 za kazi mara tu mfanyakazi anapoomba kugawa, au 24 kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki. Nyingine hukibebesha kipande kinachoishia Ijumaa ile Jumamosi na Jumapili inayofuata, hata siku tano zikahesabiwa saba. Kisha zipo ofisi zisizo na kanuni, ambako jibu linategemea ni nani anayeshika daftari la likizo mwezi huo. Hizo ndizo zinazozaa ugomvi wa mwisho wa mwaka, pale mfanyakazi anapoamini amebakiza siku tisa na daftari linaonyesha tatu.

Ndiyo maana barua ya kuomba awamu haina budi kuitaja hesabu yenyewe: siku ngapi zinaombwa, zimehesabiwa kwa kalenda au kwa siku za kazi, na zitabaki ngapi. Mwombaji anayekubali mapema kwamba siku zake ni 20 za kazi hapotezi chochote ambacho aliyechukua mkupuo anakipata. Anachopoteza ni ile faida ya pembeni, na kwa kuiachia mwenyewe anamwondolea mwajiri sababu iliyo nyepesi kuliko zote ya kukataa.

Sikukuu nazo zina hesabu yake. Kwa kuwa zinamezwa na likizo ndefu, mwezi wenye sikukuu nyingi ni mwezi mbaya wa mkupuo. Mwaka 2026 Pasaka ni tarehe 5 Aprili. Ijumaa Kuu inaangukia tarehe 3, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, na Siku ya Karume ni Jumanne tarehe 7. Anayechukua siku 28 kuanzia tarehe 1 Aprili atakuwa ametumia siku tatu za likizo kununua mapumziko ambayo angepewa bure. Lakini kipande kifupi kikiwekwa vizuri hapo hapo kinazaa sana: siku tatu tu, Jumatano tarehe 8 hadi Ijumaa tarehe 10, zinamweka mtu nje ya kazi kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumapili tarehe 12, jumla ya siku kumi. Kikwazo ni kwamba kila mtu ofisini anaiona kalenda hiyo hiyo. Siku za namna hii hupatikana kwa aliyeomba wakati ratiba ya likizo ya idara inapangwa, si kwa aliyekumbuka mwishoni mwa Machi.

Mwili nao una lake

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud nchini Uholanzi, wakiongozwa na Jessica de Bloom, waliwafuatilia wafanyakazi 54 waliochukua likizo ndefu, kwa wastani siku 23, wakapima hali yao kabla, wakati wa likizo na baada yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Afya na furaha ya watu hao ilipanda upesi, ikafika kileleni karibu na siku ya nane, na ndani ya wiki ya kwanza baada ya kurudi kazini ikawa imeshuka hadi pale ilipokuwa kabla hawajaondoka.

Utafiti huu hutajwa na wote wawili, mpenda mkupuo na mpenda awamu, na kila mmoja hutaja nusu yake. Wa awamu husema: kama faida inayeyuka kwa wiki moja hata baada ya siku 23, basi ni afadhali kuipata mara tatu kwa mwaka. Wa mkupuo husema: kama kilele kiko siku ya nane, basi kipande cha siku tano kinaisha kabla mtu hajapumzika. Zote mbili ni hoja halali, na zikiwekwa pamoja zinaelekeza kwenye vipande vya kati, vya siku kumi hadi 14. Lakini watu 54 ni wachache, na walikuwa Waholanzi waliojipima wenyewe. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Kigoma kwa basi hafiki siku ile ile, na siku za kwanza baada ya kufika ni za kuzunguka kusalimia wazee. Kwa mtu wa namna hiyo siku ya nane ya Uholanzi huenda ikawa ya kumi na mbili.

Utafiti huo unafaa kumsaidia mtu kujiamulia. Kwenye barua haufai sana, kwa kuwa mkuu wa idara hajaulizwa kuhusu furaha ya mwombaji, ameulizwa kuhusu tarehe.

Sababu ambayo wafanyakazi wenyewe huitoa mara nyingi kwa kutaka awamu haimo katika utafiti huo wa Uholanzi. Ni misiba na ugonjwa wa ndugu. Mtu anaogopa kuzimaliza siku zote Julai, kisha Novemba apigiwe simu. Hofu hiyo ina msingi, ila si mpana kama inavyodhaniwa. Sheria ya Tanzania inatoa, mbali na likizo ya mwaka, angalau siku nne zenye malipo katika mzunguko kwa ajili ya ugonjwa au kifo cha mtoto, au kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Msiba wa mzazi haupaswi kulipiwa kwa siku za likizo ya mwaka. Wasiomo kwenye orodha hiyo ni mjomba, shangazi, baba mdogo, mama mkubwa na wakwe, na kila anayeishi Afrika Mashariki anajua hao wanazikwa na nani. Mwajiri anaweza kumruhusu mfanyakazi kwenda kwa malipo akiomba, lakini siku hizo sheria inaruhusu zipunguzwe kwenye likizo ya mwaka. Basi akiba ya siku tatu au nne kwa ajili ya wakwe na akina baba wadogo ni busara. Kuivunja likizo yote kuwa vipande kwa sababu hiyo ni kulipa bei kubwa mno.

Mwajiri anataka nini hasa

Inadhaniwa kwamba waajiri wote wanapendelea awamu, kwa kuwa mtu hakosekani muda mrefu. Si kweli kwa kazi zote. Palipo na fedha, mkupuo una mtetezi asiyetarajiwa, naye ni mkaguzi. Taasisi ya bima ya amana za benki ya Marekani, FDIC, iliwaelekeza wasimamizi wa benki mwaka 1995 kwamba ni desturi njema maofisa na wafanyakazi wakae nje ya kazi angalau wiki mbili mfululizo kila mwaka. Sababu yake ni ya kivitendo. Wizi mwingi wa vitabuni unahitaji kutunzwa kila siku: mteja akiuliza salio, mtu fulani awepo kumjibu, malipo ya leo yafunike pengo la jana. Mhusika akiondoka siku nne anaweza kuyaacha mambo yakasubiri. Akiondoka siku 14, na mwingine akakaa kwenye kompyuta yake, mambo hujitokeza yenyewe. Mtumishi asiyechukua likizo miaka mitatu kwa kuipenda kazi huenda kweli anaipenda, lakini mkaguzi mzuri ataanzia kwake.

Kwingineko hesabu ya mwajiri ni ya makabidhiano. Kila anapoondoka mtu, kuna siku ya kukabidhi na siku ya kupokea. Anayekaimu huanza kwa kuuliza kila kitu, huzoea siku ya tatu au ya nne, na baada ya hapo kazi inakwenda. Likizo moja ya siku 28 ina gharama hiyo mara moja. Awamu nne zina gharama hiyo mara nne, isipokuwa ziwe fupi kiasi kwamba hakuna anayekaimu na kazi inaachwa ijikusanye. Hapo ndipo awamu fupi huonekana rahisi: mtu anaondoka siku tatu, hakuna aliyesumbuka. Gharama haijatoweka, ameibeba yeye mwenyewe, na anaikuta imepangwa mezani siku ya kurudi.

Upande wa pili wa mzani ni tarehe zisizosogea. Kazi yenye tarehe ya mwisho iliyowekwa na sheria, msimu au mteja ndiyo inayoamua umbo la likizo kuliko kitu kingine chochote. Mwalimu anafuata muhula. Wakala wa forodha anafuata meli. Mhasibu anafuata Mamlaka ya Mapato, na mfano wake unafaa kufuatwa hadi mwisho kwa sababu tarehe zake zinajulikana.

Mfano: afisa hesabu na tarehe mbili

Afisa hesabu wa kampuni ya ukubwa wa kati jijini Dar es Salaam, anayefanya kazi siku tano kwa wiki, ana tarehe mbili asizoweza kuzikosa kila mwezi. Kodi inayokatwa kwenye mishahara ya mwezi uliopita inatakiwa kuwasilishwa kufikia tarehe 7. Ritani ya Kodi ya Ongezeko la Thamani inatakiwa kufikia tarehe 20. Katikati kuna mwisho wa mwezi, ambapo hesabu hufungwa. Nyumbani kwao ni Kigoma, na safari ya kwenda na kurudi inamlia siku tatu hadi nne. Yeye anataka mkupuo. Meneja wake wa fedha ameshasema kwa mdomo kwamba ingekuwa vyema agawe.

Siku 28 zikianza ovyo zinaweza kuangukia tarehe zote mbili. Lakini kalenda ina nafasi mbili bora. Akiondoka tarehe 21 na kurudi tarehe 18 ya mwezi unaofuata, anaikosa tarehe 7 tu. Akiondoka tarehe 8 na kurudi tarehe 5, anaikosa tarehe 20 tu. Ipi ni nyepesi kuiacha? Kodi ya mishahara hutegemea malipo ya mwezi ambao yeye mwenyewe hatakuwepo, kwa hiyo haiwezi kuandaliwa mapema. Ritani ya ongezeko la thamani inahusu mwezi uliokwisha kabla hajaondoka, na inaweza kuandaliwa. Basi nafasi ya tarehe 8 inashinda.

Mwaka 2026 nafasi hiyo ina zawadi ya ziada. Tarehe 7 Julai ni Saba Saba na tarehe 8 Agosti ni Nane Nane. Siku 28 kuanzia Jumatano tarehe 8 Julai zinaishia Jumanne tarehe 4 Agosti, katikati ya sikukuu hizo mbili, bila kumeza hata moja.

Pendekezo la meneja nalo lipewe haki yake. Awamu mbili za siku 14, moja kuanzia tarehe 21 Julai na nyingine tarehe 21 Oktoba, zinaishia tarehe 3 ya mwezi unaofuata, na hazigusi tarehe yoyote ya kodi. Kwa upande huo zinaushinda mkupuo waziwazi. Zinachokosa ni hiki: kila awamu inaangukia mwisho wa mwezi, kwa hiyo afisa anakosekana kwenye kufunga hesabu mara mbili badala ya mara moja, na makabidhiano yanakuwa mawili. Uchaguzi wa kweli uliopo mbele ya meneja ni ritani moja iliyoandaliwa mapema dhidi ya mwisho wa mwezi mmoja zaidi. Barua ikiliweka hivyo, imeshafanya nusu ya kazi.

Barua yenyewe, baada ya anuani na tarehe 12 Juni 2026, inaweza kusomeka hivi:

"YAH: OMBI LA LIKIZO YA MWAKA, TAREHE 8 JULAI HADI 4 AGOSTI 2026

Husika na somo tajwa hapo juu. Naomba kuchukua likizo yangu ya mwaka, siku 28 mfululizo, kuanzia Jumatano tarehe 8 Julai hadi Jumanne tarehe 4 Agosti 2026. Nitarejea kazini Jumatano tarehe 5 Agosti.

Katika kipindi hicho kuna kazi mbili zangu zenye tarehe maalumu. Ya kwanza ni ritani ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwezi Juni, ambayo mwisho wake ni tarehe 20 Julai. Nitaiandaa na kuikabidhi pamoja na viambatisho vyake Jumatatu tarehe 6 Julai. Kitakachobaki ni kuikagua na kuiwasilisha. Ya pili ni kufunga hesabu za Julai. Msaidizi wa hesabu alishiriki nami kufunga hesabu za Mei, na atafunga za Julai hadi hatua ya usuluhishi wa benki. Marekebisho yatasubiri nirudi. Kodi ya mishahara ya Julai, inayotakiwa tarehe 7 Agosti, nitaiwasilisha mwenyewe.

Nimeliangalia pendekezo la awamu mbili za siku 14, kuanzia tarehe 21 Julai na tarehe 21 Oktoba. Lingeepuka tarehe zote za kodi, lakini lingeniweka nje ya ofisi kwenye miisho miwili ya mwezi na kuhitaji makabidhiano mawili. Endapo tarehe ninazoomba zina kikwazo, naomba nafasi mbadala ya siku 28 kuanzia tarehe 8 Septemba 2026.

Naomba kuwasilisha."

Yapo mambo ambayo barua hii imeyaacha kwa makusudi. Kigoma haikutajwa. Umbali wa nyumbani ni sababu ya mwombaji kutaka mkupuo, lakini haimsaidii meneja kuamua, na sababu za kifamilia zikiingia kwenye barua huanza kupimwa na kulinganishwa na za wengine. Sheria haikutajwa pia. Kuinukuu kwenye barua ya kwanza kunaligeuza ombi kuwa shauri, na meneja anayejibu shauri hutafuta kinga badala ya suluhisho. Kifungu kina nafasi yake kwenye barua ya pili, iwapo ya kwanza imekataliwa.

Wala barua haikuahidi kwamba mwombaji atapatikana kwa simu. Ahadi hiyo ndiyo kosa la kawaida kuliko yote, kwa kuwa inaonekana kama uungwana. Sheria inamkataza mwajiri kumtaka au hata kumruhusu mfanyakazi amfanyie kazi akiwa kwenye likizo ya mwaka, na simu tatu kwa siku kuhusu ankara ni kazi. Mkupuo ndio unaoathirika zaidi hapo: siku tano ofisi huvumilia, siku 28 haivumilii, itapiga. Kinga yake ni hati ya makabidhiano inayojibu maswali kabla hayajaulizwa: mafaili yako wapi, nani ana idhini ya kusaini, mteja gani ana mgogoro na umefikia wapi.

Mpango huu una sehemu yake dhaifu, na afadhali mwandishi aione kabla meneja hajaiona. Kati ya tarehe 1 na 6 Julai kuna siku nne tu za kazi. Ankara za wauzaji za Juni zinazochelewa hazitakuwemo kwenye ritani iliyoandaliwa tarehe 6. Hati ya makabidhiano iseme zifanyweje: zitakazofika kabla ya tarehe fulani anayekaimu aziongeze, zitakazofika baadaye zisubiri ritani inayofuata. Bila sentensi hiyo, simu ya kwanza kutoka ofisini itapigwa tarehe 9.

Akitaka awamu

Lau mwombaji huyo huyo angetaka awamu na meneja akataka mkupuo, barua ingebadilika kwa kiini tu. Angeonyesha kwamba awamu mbili za kuanzia tarehe 21 zinaacha kila tarehe ya kodi mikononi mwake. Angezihesabu siku kwa uwazi, 14 na 14, wikiendi zikiwemo. Na angetaja tarehe za awamu zote mbili ndani ya barua moja. Hili la mwisho lina uzito. Awamu ya kwanza ikiidhinishwa peke yake, na ya pili ikaandikwa "itapangwa baadaye", mara nyingi baadaye hiyo haifiki. Awamu isiyo na tarehe ndiyo ya kwanza kusogezwa kila kazi inapozidi, kwa sababu haionekani kwenye ratiba ya mtu yeyote.

Dalili za mpango wa awamu ulioharibika si ngumu kuzitambua. Kipande kimoja kimesogezwa mara mbili. Siku zinaombwa kwa maneno na kukubaliwa kwa maneno. Mfanyakazi hawezi kusema bila kuuliza amebakiza siku ngapi. Vipande vimekuwa vifupi hadi siku moja moja, Ijumaa hii na Jumatatu ile, vinatumika kwenda benki, hospitali na shuleni kwa mtoto, na mwaka unaisha siku zote zikiwa zimetumika bila hata wiki moja ya kupumzika.

Jibu la meneja likija na pendekezo la katikati, kwa mfano siku 20 kwa mkupuo na nane kuachwa kwa mwishoni mwa mwaka, halina haja ya kukataliwa mara moja. Liulizwe maswali mawili: siku 20 hizo ni za kalenda au za kazi, na nane zilizobaki ni tarehe zipi? Siku 20 za kazi ni likizo nzima ya mfanyakazi wa siku tano, hakuna kitakachobaki. Siku 20 za kalenda ni pungufu ya wiki tatu. Watu wawili wamewahi kutoka chumba kimoja kila mmoja akiwa na jibu lake.

Makubaliano yakifikiwa, yaandikwe kwenye barua ya idhini au fomu ya likizo yenye saini, ikionyesha siku ya kwanza ya likizo, siku ya kurejea kazini, namna ya kuhesabu na salio. Siku ya kurejea itajwe kwa jina lake, maana "hadi tarehe 4" husomwa na wengine kuwa tarehe 4 mtu yuko kazini. Nakala moja ibaki kwa mfanyakazi. Mwajiri akiiahirisha likizo iliyokwisha idhinishwa, naye aombwe kufanya hivyo kwa maandishi na kwa tarehe mpya, kwa kuwa ile miezi sita baada ya mzunguko inaendelea kuhesabika, na bila ridhaa ya mfanyakazi mwajiri hawezi kuisogeza likizo kupita hapo.